Mtumbwi, upepo wa pembeni na y = vx: mbona mimi napata sifuri?

#1 Bint_Nyakato
Wakuu habari za jioni. Niko fomu siksi PCM hapa Mwanza, nina swali linanitesa tangu juzi na mtihani wa mok uko jirani. Ticha ametupa hivi: mtumbwi unatoka upande mmoja wa ghuba kwenda mwalo ulio ng'ambo, umbali mita 800. Mpiga kafi anakwenda mita 1 kwa sekunde na muda wote anaelekeza pua ya mtumbwi kwenye mwalo. Upepo unamsukuma pembeni nusu mita kwa sekunde, haubadiliki. Tafuta njia atakayopita.

Ukiweka mwalo kwenye orijini, x ni umbali wa kwenda ng'ambo na y ni kule upepo unakosukumia, nimefika hapa na nina uhakika napo:

```
dy/dx = y/x - 0.5*sqrt(1 + (y/x)^2)
```

Ni homojinias kwa hiyo nikaweka y = vx. Sasa kama y = vx basi dy/dx = v, si ndiyo? Nikiweka, v za pande zote zinakatana nabaki na 0 = 0.5*sqrt(1 + v^2). Hiyo haiwezekani maana ndani ya kipeuo kuna 1, haiwezi kuwa sifuri hata iweje. Nimekosea wapi au swali lenyewe ni bovu?

#2 sato_mbichi
Homojinias ni ile yenye sifuri upande wa kulia. Hiyo yako haina sifuri kwa hiyo siyo homojinias, anza hapo kwanza.

#3 TichaMstaafu_Bwiru
Sato hapo umechanganya madesa. Jina ni moja, mambo mawili. Ile ya sifuri upande wa kulia ni ya linia, na huyu binti hayuko huko. Hapa homojinias maana yake dy/dx inategemea uwiano wa y kwa x peke yake, ukizidisha x mara tatu na y mara tatu upande wa kulia haubadiliki hata chembe.

Binti, swali halina ubovu wowote, na hadi kwenye ikwesheni umefika vizuri kuliko wengi. Umeanguka kwenye mstari mmoja tu. Umeandika y = vx ukaichukulia v kama ile m ya y = mx uliyoizoea tangu fomu tu. v siyo konstanti. Kila mtumbwi unaposogea v inabadilika. Ni vitu viwili vinavyobadilika vimezidishana, kwa hiyo:

```
dy/dx = v + x*(dv/dx)
```

Weka hiyo uone kinachobaki.

#4 Bint_Nyakato
Shikamoo mwalimu. Eeh!! v inakatana lakini inabaki x*(dv/dx) = -0.5*sqrt(1 + v^2). Sasa hii naweza kutenganisha. Asante sana.

Ila naomba uniambie kitu kimoja, kwa nini ile sifuri ilitokea? Ningekuwa nimekosea kawaida ningepata jibu baya tu, lakini hapa nimepata kitu kisichowezekana kabisa.

#5 TichaMstaafu_Bwiru
Marahaba. Swali zuri hilo. Ulivyosema dy/dx = v ulikuwa unasema mtumbwi unakwenda kwa mstari mnyoofu unaopita kwenye mwalo. Yaani ulilazimisha jibu liwe mstari, ikwesheni ikakujibu kwamba ukiwa na upepo hakuna mstari wa namna hiyo. Ungeweka upepo sifuri ungepata 0 = 0 na kila mstari ungekubali. Kwa hiyo ile sifuri yako ilikuwa inasema kweli, ila wewe hukuwa umeiuliza hilo.

#6 Injinia_Pasiansi
Nakazia ya mwalimu. Mimi huwa nawaambia vijana v ina sura, usiichukue kama herufi tu. Simama kwenye mwalo, mwangalie aliye kwenye mtumbwi. Mstari wa jicho lako kwenda kwake una slopu, hiyo slopu ndiyo v. Anapoanza safari yuko mbele yako moja kwa moja, v = 0. Upepo ukimsukuma lazima ugeuze shingo kumfuata, v inakua. Kwa hiyo sabstitusheni yote hii ni kuacha kuuliza "y ni ngapi" na kuanza kuuliza "shingo yangu imegeuka kiasi gani".

Na ona ikwesheni yake ilivyokatana. Lile y/x la mwanzo ni kwa sababu pua inaelekea mwalo, kafi peke yake haiwezi kukugeuza shingo, inamleta kwako kwa mstari wa jicho lako huohuo. Kinachobaki baada ya kukatana ni upepo tu. Ndiyo maana v inakatana.

#7 KafiMoja
Wakuu mimi sikusoma hizo lakini mtumbwi naujua, nimevua dagaa Igombe miaka kumi na moja kabla sijaanza biashara ya nyavu. Huyo mpiga kafi wenu ni mgeni wa ziwa. Hakuna mtu anaelekeza pua kwenye mwalo upepo ukiwa wa pembeni, unaelekeza juu, kule upepo unakotokea, halafu mtumbwi wenyewe unashuka taratibu hadi kwenye mwalo. Ukielekeza mwaloni unazungushwa, na mwisho wake unajikuta umefika kando ya ufuko unapiga kafi uso kwa upepo, mikono imekufa na mwalo unauona pale.

#8 Bint_Nyakato
Nimemaliza integresheni jamani, naomba mnikague:

```
dv/sqrt(1 + v^2) = -0.5*dx/x
ln(v + sqrt(1 + v^2)) = -0.5*ln(x) + C
```

Mwanzoni x = 800 na y = 0 kwa hiyo v = 0, kushoto inakuwa ln 1 ambayo ni sifuri, basi C = 0.5*ln(800). Napata

```
v + sqrt(1 + v^2) = (800/x)^0.5
```

Hapa nimekwama tena kuitoa v. Nikihamisha na kupandisha skwea inakuwa ndefu mno karatasi imejaa.

#9 Mwana_wa_Kirumba
Pandisha skwea tu dada usiogope, itatoka ukurasa mmoja na nusu. Mimi hizi nilikuwa napiga hadi saa nane usiku.

#10 TichaMstaafu_Bwiru
Usipandishe skwea. Geuza, yaani chukua moja juu ya kila upande. Kushoto 1/(v + sqrt(1 + v^2)) ni sawasawa na sqrt(1 + v^2) - v, zidisha utaona mwenyewe inatoka 1. Kulia inakuwa (x/800)^0.5. Sasa una ikwesheni mbili, toa ya pili kwenye ya kwanza, vipeuo vinakufa:

```
2v = (800/x)^0.5 - (x/800)^0.5
```

Halafu usisahau kurudi kwenye y. Katika miaka yote niliyosahihisha hizi, wanaoishia kwenye v na kuweka mstari chini kama wamemaliza ni wengi kuliko wanaokosea integresheni. Swali limeuliza njia ya mtumbwi, njia ni x na y.

#11 Bint_Nyakato
Nimezidisha kwa x:

```
y = 400*[ (x/800)^0.5 - (x/800)^1.5 ]
```

Nimeweka namba. x ikiwa 400, y ni kama 141. x ikiwa 200, y ni 150. x ikiwa 50, y ni karibu 94. x ikiwa 8 tu bado y ni karibu 40!! Yaani zimebaki mita 8 kugusa ufuko lakini yuko mita 40 pembeni ya mwalo?

#12 KafiMoja
Si nimesema hapo juu #7.

#13 Injinia_Pasiansi
Mkuu Kafi leo umeniacha hoi. Binti angalia v kwenye hiyo x = 8, ni karibu 5, na x ikienda sifuri v inapanda bila mwisho. Kwa lugha ya shingo ni kwamba mwishoni unamwangalia kwa kugeuka kabisa, anakuja akiambaa ufuko uso kwa upepo. Alichosema mzee wa Igombe kwa mikono ndicho grafu inachosema.

Pale anaposukumwa mbali zaidi pia unaweza kupapata, ni theluthi ya safari ikiwa imebaki, x kama mita 267, pale y inafika mita 154. Difrenshieti uone.

#14 sato_mbichi
Nimekubali ya #3 nilichanganya. Ila bado nina shaka. Ukizidisha ikwesheni ya #1 kwa x unapata x*(dy/dx) = y - 0.5*sqrt(x^2 + y^2), na tulifundishwa kila temu iwe na digrii sawa, sasa ndani kuna skwea, digrii 2, na nje kuna y ya digrii 1. Hazilingani.

#15 TichaMstaafu_Bwiru
Skwea iko ndani ya kipeuo Sato. Zidisha x na y kwa 3, ndani inatoka 9, kipeuo kinaitoa 3. Kwa hiyo kipeuo chote kina digrii 1. Usihesabu vipeo kwa macho, zidisha uone. Kuna tahadhari moja tu, ukizidisha kwa namba hasi kipeuo hakitoi hasi, kwa hiyo hapa tunakaa upande wa x chanya. Mtumbwi haujavuka ufuko kwenda nchi kavu, basi hatuna tatizo.

#16 Mwana_wa_Kirumba
Mimi naona mnazunguka sana, hii ni triki tu. Ukiona y/x weka v, kwisha. Kuanza kusema shingo sijui jicho ni kumchanganya mtoto siku za mtihani.

#17 Injinia_Pasiansi
Triki bila sura ndiyo imemfikisha kwenye 0 = 0.5*sqrt(1 + v^2) mkuu. Angejua v ni slopu inayobadilika asingeandika dy/dx = v.

#18 Kaka_wa_Sengerema
Mimi ninayo maelezo tofauti na yote mawili. Kwa nini inafanya kazi ni kwa sababu picha haina saizi. Chora njia ya mtumbwi kwa mita 800, halafu ichukue uikuze iwe mita 1600, unapata njia sahihi ya mtumbwi uliotoka mita 1600 kwa upepo uleule. Zote ni picha moja, ndogo na kubwa. Sasa ukishajua picha ni moja, kitu cha kujua ni pembe tu, umbali unakuja wenyewe kwa kuzidisha. y = vx inatenganisha pembe na saizi. Ukitumia r na theta badala ya x na v utafika palepale, mimi binafsi hiyo ya r na theta ndiyo naipenda.

#19 TichaMstaafu_Bwiru
Ya Sengerema ni sahihi, na ya Injinia ni sahihi. Mbinu hii ni ya Leibniz, mwaka 1691 alimwandikia Huygens akionyesha ikwesheni za namna hii zinavyotenganishwa. Ila darasani nimeona picha ya mtu anayeangaliwa kutoka mwaloni inaingia haraka kwa mtoto kuliko ya kukuza.

#20 Kaka_wa_Sengerema
Darasani sawa mwalimu. Ila nikikuza picha najua mara moja kwamba wa mita 1600 atasukumwa mita 308, sihesabu upya. Kwa shingo hilo halionekani.

#21 Mama_Nyavu
Samahani wadau naomba kuuliza nje ya mada kidogo, hivi upepo ukizidi nguvu ya kafi hesabu inasema mtu atafika au hafiki? Mdogo wangu mwaka jana alisukumwa alfajiri kutoka ziwani akafikia mwalo mwingine kabisa, tulikaa hadi saa nne hatujui yuko wapi. Namshukuru Mungu alirudi.

#22 Injinia_Pasiansi
Pole sana mama, na haiko nje ya mada. Badala ya 0.5 weka k, yaani kasi ya upepo ukigawa kwa kasi ya kafi. Jibu linakuwa

```
y = (a/2)*[ (x/a)^(1-k) - (x/a)^(1+k) ]
```

a ni umbali wa mwanzo. k ikiwa chini ya 1 vipeo vyote ni chanya, x ikienda sifuri y nayo inakwenda sifuri, anafika. k ikizidi 1 kile kipeo cha kwanza kinakuwa hasi, y inalipuka, yaani anakaribia ufuko huku anasukumwa mbali zaidi na zaidi, mwalo aliolenga hafiki kamwe akiendelea kuulenga. Ndicho kilichompata mdogo wako kwa namna fulani.

#23 Mwana_wa_Kirumba
Na k ikiwa 1 kamili, kipeo cha kwanza ni sifuri, y = (a/2)*(1 - (x/a)^2), parabola. x sifuri y ni a/2. Kwa hiyo anatua mita 400 pembeni ya mwalo. Hiyo nimeitoa kichwani.

#24 TichaMstaafu_Bwiru
Umeitoa vizuri Kirumba, ila hatui. Njia inaelekea hapo, muda ndio hauishi. Jiulize akiwa karibu na hapo mita 400 pembeni, pua inaelekea mwalo, yaani uso kwa upepo, kafi inamvuta mita 1 mbele upepo unamrudisha mita 1 nyuma. Amesimama. Anasogelea ufuko polepole zaidi na zaidi bila kuugusa. Hapa ndipo ujue ikwesheni ya dy/dx inakupa njia tu, haikuambii saa ngapi. Ukitaka muda lazima urudi kwenye dx/dt.

#25 Mwana_wa_Kirumba
Aisee. Hapo nimepigwa, mwalimu.

#26 Bint_Nyakato
Swali letu lina kipengele (b) muda wa safari! Nilidhani nichukue 800 nigawe kwa 1 niseme sekunde 800.

#27 TichaMstaafu_Bwiru
Sekunde 800 ni bila upepo. Kasi ya kukaribia ni dx/dt = -1/sqrt(1 + v^2), na sqrt(1 + v^2) umeshaipata bure, zile ikwesheni mbili za #10 ukizijumlisha badala ya kutoa. Intigreti kutoka 0 hadi 800. Kwa ujumla inatoka a/(w*(1 - k^2)), w ni kasi ya kafi. Kwako ni 800/0.75, sekunde 1067 hivi, karibu dakika 18. Na ukiweka k = 1 chini inakuwa sifuri, ndiyo ule muda usioisha.

#28 KafiMoja
Na mimi ninayeelekeza juu ya upepo natumia muda gani, nipigieni.

#29 Injinia_Pasiansi
Wewe mkuu unaelekeza nyuzi 30 juu ya upepo, maana nusu ya kafi yako inakula upepo wote. Iliyobaki ni 0.866 ya kukuvusha, unakwenda mstari mnyoofu mita 800, sekunde 924. Unamshinda mgeni wako kwa dakika mbili na ushee, na husukumwi hata mita moja pembeni.

#30 KafiMoja
Dakika mbili kwa mita 800, sasa fikiria safari ya saa tatu. Ila wadau kuna jambo silikubali. Mmeuchukua upepo kama unausukuma mtumbwi sawa wakati wote. Mtumbwi ukiwa ubavu kwa upepo unasukumwa sana, ukigeuza pua kwenye upepo hausukumwi vile. Na upepo wa ziwani haukai, usiku unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka, na ukikaribia ufuko wenye mawe makubwa kama ya kwetu huku unakatika kabisa.

#31 sato_mbichi
Basi kama upepo unabadilika hesabu yote inakufa, siyo homojinias tena, y = vx haisaidii. Hapo nina uhakika.

#32 Kaka_wa_Sengerema
Nusu uko sawa Sato. Siyo homojinias tena, kweli, maana picha ya mita 1600 na ya mita 800 hazifanani tena kama upepo unakatika mahali fulani. Lakini y = vx haifi. Jaribu upepo unaotegemea x tu, dhaifu kando za ufuko zote mbili, mkali katikati. Lile y/x la kafi linakatana vilevile, maana pua bado inaelekea mwalo, unabaki na

```
x*(dv/dx) = -k(x)*sqrt(1 + v^2)
```

na hiyo inatenganishika. Nilichukua k(x) = 4*0.5*(x/a)*(1 - x/a), yaani sifuri ufukoni na 0.5 katikati. Integresheni inatoka vizuri kabisa, ln(v + sqrt(1 + v^2)) = (1 - x/a)^2. Ukifika mwaloni v siyo isiyo na mwisho tena, ni 1.175, na pale anaposukumwa mbali zaidi ni kama mita 123 badala ya 154. Kwa hiyo mkuu Kafi, mawe yakikata upepo hutafika ukiambaa ufuko, utafika kwa mshazari kama nyuzi 50.

#33 TichaMstaafu_Bwiru
Nzuri sana hii, nitaihifadhi. Ikitegemea y au pembe ya pua ndipo kazi inabadilika. Ya pembe ya pua aliyosema KafiMoja, msukumo ukitegemea mwelekeo wa mtumbwi tu, bado ni homojinias maana mwelekeo wenyewe unatoka kwenye y/x. Integresheni ndiyo inaweza isitoke kwa mkono.

#34 KafiMoja
Mwelekeo peke yake hautoshi mwalimu, kuna wimbi pia, na mzigo. Mtumbwi mtupu unaruka kama jani.

#35 Dada_Mkolani
Jamani mimi nilipoteza alama nne kwenye hizi na hadi leo roho inaniuma. Swali lilikuwa x*(dy/dx) = y + sqrt(y^2 - x^2). Nikaweka y = vx, nikapata x*(dv/dx) = sqrt(v^2 - 1), nikagawa, nikaintigreti safi. Msahihishaji akaandika "umeacha majibu mawili" bila maelezo. Nilikuja kuelewa baadaye sana, nilipogawa kwa sqrt(v^2 - 1) nilikuwa nimetupa v = 1 na v = -1, yaani y = x na y = -x, na zote zinakubali ukizirudisha kwenye ikwesheni.

#36 Bint_Nyakato
Dada pole. Kwa hiyo na mimi nimetupa kitu nilipogawa kwa sqrt(1 + v^2)?

#37 TichaMstaafu_Bwiru
Hapana, na wewe mwenyewe ulishathibitisha kwenye #1 bila kujua. Kinachotupwa ni zile v zinazofanya ulichogawia kiwe sifuri. Wewe uliandika pale kwamba sqrt(1 + v^2) haiwezi kuwa sifuri hata iweje. Kwa Dada Mkolani inaweza. Kabla hujagawa andika kando v gani inaleta sifuri, irudishe kwenye ikwesheni ya mwanzo, ikikubali iandike kwenye jibu.

#38 Mwana_wa_Kirumba
Swali la uchokozi, rafiki yangu yeye aliweka orijini pale mtumbwi ulipoanzia siyo mwaloni, akasema siyo homojinias na ticha wake kamkosesha. Nani yuko sahihi?

#39 Injinia_Pasiansi
Rafiki yako kaona kweli lakini kasimama pabaya. Ukiweka orijini ulikoanzia, kila mahali penye x panakuwa 800 - x, na uwiano wa y kwa x haumaanishi kitu tena. Ahamishe orijini hadi mwaloni, aweke X = 800 - x, inarudi. Lazima usimame pale mistari yote ya pua inapokutana, na inakutana mwaloni.

#40 Bint_Nyakato
Nimeandika upya yote, ukurasa mmoja na robo, nimeweka na sentensi ya kwamba hakuna v inayoleta sifuri chini. Nimechora na grafu, ile kona ya mwisho inaambaa ufuko kweli. Ticha akiuliza nani kanifundisha nitamwambia mzee wa dagaa Igombe.

#41 KafiMoja
Mwambie na nyuzi 30.

#42 Mama_Nyavu
Injinia nimemsomea mdogo wangu ile #22. Ameuliza hivi, k ikizidi 1 na akaacha kuulenga mwalo, akaelekeza pua juu ya upepo kama wa Igombe, angefika?

#43 Injinia_Pasiansi
Mwalo uleule hapana mama, upepo ukizidi kafi hata ukielekeza wapi lazima ushuke chini. Ila swali la kwamba angeelekeza wapi ili atue karibu zaidi na mwalo ni lingine, na hilo halihitaji y = vx. Kwa pembe moja isiyobadilika, saini ya pembe ya kuelekeza juu ya upepo iwe moja gawa kwa k. Upepo ukiwa mara mbili ya kafi ni nyuzi 30 tena.

#44 KafiMoja
Nyuzi 30 tena? Hiyo nataka niione kwa macho. Jumamosi niko Igombe, anayetaka aje tupime.